Swali la Sista Saa

Kila mama aliyewahi kulaza mtoto wodi namba tatu anamjua Sista Saa, na wengi walimwogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Wauguzi wenzake ndio waliompachika, kwa ajili ya saa kubwa ya kiume aliyoibana kifuani kwa pini, saa ya marehemu mumewe, na kwa sababu dozi ya saa sita kwake ilikuwa ya saa sita. Saa sita na robo ilikuwa uzembe, na mzembe alisikia maneno yake mpaka geti la nje.

Miaka ishirini na sita alikaa kwenye meza ile ya mapokezi ya wodi, na miaka yote hiyo aliwauliza akina mama swali moja kabla ya maswali mengine yote. "Umempa dawa gani nyumbani?" Kisha huongeza, akimtazama mtu juu ya miwani: "Usinidanganye, mimi si mume wako." Watu hucheka. Yeye hacheki. Akina mama tisa kati ya kumi hujibu, "Sijampa kitu, sista," na yeye huwarushia msemo wake: "Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Ukutani nyuma yake alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, herufi kubwa nyekundu: USIMPE MTOTO DAWA ILIYOBAKI. Ilikaa pale mpaka ikapauka, naye akaiandika upya.

Sasa ngoja nikwambie alichofanya mwanamke huyu mwenye karatasi yake.

Nyumbani aliishi na mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka mitano. Mama wa mtoto, binti pekee wa Sista Saa, alikuwa akishona nguo kwenye kiwanda kimoja katika mji mwingine, na alikuja mara moja kwa mwezi. Mtoto walimwita Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye na bibi yake walitaniana kutwa. "Wewe mke mwenzangu, njoo ule," bibi humwita. Na mtoto, mikono kiunoni: "Sili mpaka mume wetu arudi!" Mume wao amekufa zamani, lakini utani haujali hayo.

Wiki moja kabla ya mkasa, Kasuku aliumwa mafua na masikio, akaandikiwa amoksisilini ya maji, siku saba. Siku ya tano alikuwa mzima anaruka, bibi akaiacha chupa kwenye mlango wa friji. "Imetosha," alisema. Huyo huyo Sista Saa! Mama mwingine angemwambia hivyo angekula maneno mpaka ashibe. Lakini nyani haoni kundule.

Jumapili Kasuku akaanguka kutoka kwenye benchi la uani, akalia kidogo, akaendelea kucheza. Jumatatu akaamka anachechemea. Jioni Sista Saa aliporudi kutoka kazini alimkuta amejilaza, mwili unawaka, kipimajoto kinasema thelathini na tisa kasoro kidogo. Mtoto mwenye homa, anayechechemea. Anayejua kazi hii angembeba saa hiyo hiyo. Lakini miguu ya Sista Saa ilikuwa imevimba kwa kusimama kutwa, akajiambia: ameanguka, misuli imestuka, na masikio nayo hayakupona vizuri. Akafungua friji. Kijiko kimoja cha ile dawa ya rangi ya waridi, na brufeni ya maumivu.

Jumanne homa ikashuka. Jumatano ikashuka zaidi, na bibi akajipongeza. Alhamisi asubuhi akampa tena kijiko, kisha akamwambia simama tuvae nguo. Kasuku akakataa kusimama. Si kwa ukaidi, maana midomo ilikuwa ikimtetemeka. Mguu wa kulia ameukunja na kuulaza nje nje, kama chura, na kila anayeukaribia anapigiwa kelele.

"Wapi panauma, mke mwenza?"

"Hapa." Akaonyesha goti.

Goti halikuwa limevimba wala halikuwa na moto. Sista Saa alilishika, akalipapasa. Miaka ishirini na sita haimwachi mtu bila kitu. Alijua kwamba nyonga ya mtoto ikiugua hulalamikia gotini.

Akambeba mgongoni hadi hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa kijana waliyemwita Miwani. Alipokuja mara ya kwanza hajui kushika mtoto, Sista Saa ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa kwenye mkono wa kichanga. Kwa hiyo alimwita Mama, na kweli alimheshimu. Alimpima Kasuku taratibu. Goti, hakuna kitu. Akashika paja, akajaribu kulizungusha kidogo kwenda ndani, na mtoto akapiga ukelele uliowafanya watu wa benchi la nje wasimame.

"Tatizo ni nyonga," Miwani akasema. "Mama, alikuwa na homa?"

"Kidogo. Jumatatu."

Kipimajoto kilisoma thelathini na saba na nusu. Damu ilirudi kutoka maabara: chembe nyeupe zimepanda kidogo tu. Kile kipimo kingine cha damu, kinachoonyesha kama mwili unapambana na uvimbe, mashine yake ilikuwa imeharibika tangu wiki iliyopita. Picha za eksirei za goti na nyonga zilikuwa safi, jambo ambalo Miwani alijua halimwambii chochote, kwa maana mfupa huchukua siku kumi na zaidi kuonyesha kidonda kwenye picha.

Akavuta kiti karibu. "Nakuuliza swali lako, Mama, usinicheke. Amepewa dawa gani nyumbani?"

Alikuwa anatabasamu alipouliza. Wauguzi wawili walikuwa wamesimama pale, wote amewalea yeye kwa ukali. Na ile karatasi nyekundu ilionekana kupitia mlango ulio wazi.

"Panadoli tu," Sista Saa akasema.

"Na ya masikio wiki jana, alimaliza?"

"Alimaliza."

Mara mbili, bila kupepesa. Ukimuuliza leo atakwambia hakupanga kusema uongo. Mdomo ulitangulia, na baada ya hapo ikawa kila pumzi anayovuta inaongeza ugumu wa kuurudisha.

Miwani akafikiri kwa sauti, kama alivyofundishwa. "Mtoto mwenye usaha nyongani kwa kawaida anaungua. Huyu haungui, na panadoli peke yake haiwezi kuuficha usaha siku zote hizi. Ametoka kuumwa masikio na mafua. Huenda ni yale majimaji yanayojaa kwenye nyonga baada ya mafua, hukauka yenyewe kwa mapumziko. Tumlaze tumwangalie. Mtu wa ultrasaundi keshaondoka, hadi kesho." Akasimama. "Angekuwa na homa kali, Mama, ningemtia sindano ya nyonga leo hii hii, nivute maji yake tuyapime."

Sista Saa aliyasikia maneno hayo, akayameza.

Ijumaa asubuhi homa bado ilikuwa ndogo, kwa kuwa Kasuku alikuwa akipewa brufeni ya maumivu kwa maagizo ya daktari. Mguu ulikuwa umelegea kiasi. Miwani akapita na raundi, akapapasa, akasema anaona nafuu. Ultrasaundi ilikuwa na foleni ya wajawazito. "Akapumzike nyumbani, Mama, wewe ni muuguzi, utamwangalia kuliko sisi. Arudi Jumatatu."

Sista Saa akasema asante. Akafunga kifurushi cha nguo za mtoto. Kasuku hakuwa anaongea. Hilo peke yake lilitosha kumfanya bibi apige mayowe, kwamba Kasuku amenyamaza tangu jana, lakini alifunga kifurushi, akakiweka chini ya meza ya mapokezi asubiri kumaliza zamu.

Ndipo akaja mama mmoja kijana na kichanga chenye homa. Sista Saa akachukua kalamu. "Umempa dawa gani nyumbani?"

"Sijampa kitu, sista."

Kwenye kola ya kichanga kulikuwa na doa la rangi ya waridi, lile lile lililokuwa kwenye kijiko cha jikoni kwake. Sista Saa akaliona. Mama kijana akangoja makombora. Yule mwanamke mwenye saa kifuani alikuwa anatazama lile doa, kisha akasimama, akaacha faili wazi, akatoka mbio. Watu wanasema hawajawahi kumwona akikimbia.

Alimkuta Miwani kwenye korido.

"Daktari, nilimpa dawa."

"Dawa gani?"

"Amoksisilini. Siku nne, ile iliyobaki. Na brufeni. Ya masikio hakumaliza. Nilikudanganya." Alikuwa analia waziwazi mbele ya wapita njia. "Nilikudanganya, mwanangu, na mtoto ana usaha, najua ana usaha, nimejua tangu jana."

Miwani alivua miwani yake, akaishika tu. Sista Saa alikuwa radhi atukanwe. Kijana aliuliza swali moja: "Kijiko cha mwisho, lini?" Akajibiwa, jana asubuhi, naye akageuka akaanza kupiga simu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, na kila hatua ilimkata bibi yule kwa kuwa kila hatua ingeweza kufanyika jana. Ultrasaundi, mbele ya foleni nzima: nyonga ya kushoto safi, ya kulia imejaa maji mazito. Damu ya kuotesha vimelea ikatolewa kwanza, kabla ya dawa yoyote. Mpasuaji akaitwa. Kasuku akaingizwa chumba cha upasuaji, akachomwa sindano ya nusu kaputi, na bibi akaruhusiwa kumshika mkono mpaka macho yalipolegea. "Bibi, usiende," mtoto akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza siku ile.

Hakwenda. Alisimama pembeni na barakoa yake. Aliona sindano ndefu ikiingia kwenye kinena huku mtu wa ultrasaundi akiongoza njia, aliona mpasuaji akivuta bomba, na aliona kilichokuja: kizito, cha manjano, kama maziwa yaliyoganda. Kiasi kikaingia kwenye chupa ya kuoteshea vimelea, kiasi kwenye kichupa kisafi cha kuhesabia chembe. Dozi ya kwanza ya kloksasilini, dawa ya kuua bakteria, ikaingia mshipani hapo hapo. Sampuli ikishapatikana, majibu hayasubiriwi.

"Tunafungua," mpasuaji akasema. "Goti ningeweza kulinyonya kwa sindano na kurudia. Nyonga haisubiri. Usaha unakula ile gegedu laini, na ukijaa unabana mishipa inayolisha kichwa cha mfupa." Alikuwa anamweleza mwanafunzi wake. Hakujua bibi wa mtoto ni nani pale ndani.

Wakafungua, wakaosha kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe, wakaacha mpira mwembamba wa kutolea uchafu.

Jioni ile mzee wa maabara alileta karatasi mwenyewe. Chembe nyeupe tisini elfu. Usaha kamili, hakuna ubishi. Chini ya darubini aliona bakteria wachache, wa duara, wamekusanyika vishada vishada. "Wachache mno, sista. Kama waliokwishapigwa." Siku ya pili hakuna kilichoota. Ya tatu hakuna. Ya tano akaja, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa. Ile dawa ya kijiko haikuwaua wadudu, iliwadhoofisha tu kiasi cha kukataa kuota kwenye chupa, huku kwenye nyonga ya mtoto wakiendelea na kazi yao.

Na hapo ndipo ulipokuwa msiba. Mdudu akiota, anajulikana jina, na inajulikana dawa inayomuua. Asipoota, mnarusha mawe gizani. Jumatatu homa ya Kasuku ilipanda mpaka thelathini na tisa na nusu, licha ya kloksasilini. Akarudishwa mezani, akafunguliwa tena, akaoshwa tena. Dawa ikabadilishwa, ikaja klindamaisini, kwa kubahatisha kwa akili. Siku mbili bibi alikaa kwenye kiti cha bati, anahesabu pumzi za mtoto kwa saa ya marehemu, anamwomba Mungu achukue mguu wake yeye, yote miwili akitaka.

Homa ilishuka Jumatano.

Binti yake alikuwa amefika tangu Jumapili, na vumbi la safari miguuni. Alimkuta mwanawe na mpira unaotoka kwenye nyonga. "Mama, imekuwaje? Wewe si upo hapa hapa hospitali?"

"Ugonjwa ulijificha," Sista Saa akasema.

Mungu wangu! Mwanamke yule alikuwa amekwisha kuona uongo unavyokula mfupa, na bado ulimtoka mwingine. Mtu hajifunzi kwa siku moja. Binti akamkumbatia, akamshukuru kwa kukesha na mtoto, na Sista Saa akazipokea shukrani zile huku uso ukimwaka.

Wiki ya pili ilipoisha wakapiga eksirei nyingine. Miwani aliitundika kwenye taa, akawaita wote wawili. Kwenye shingo ya mfupa wa paja, chini tu ya kichwa chake, palikuwa na kivuli, kama punje ya hindi iliyoingiwa na dumuzi.

"Mfupa nao umeingiliwa," akasema. "Ingekuwa kiungo peke yake, wiki tatu za dawa zingetosha. Kwa mfupa ni wiki sita, na zihesabiwe vizuri. Homa imeisha, na kipimo cha uvimbe, mashine ikiwa imepona, kinashuka vizuri. Kwa hiyo sindano tutaziacha, ameze nyumbani, kila baada ya saa nane. Atakuwa anacheza, atakuwa anaruka. Msiache."

"Na mguu?" binti akauliza.

"Kichwa cha nyonga hatujui kama kimepata damu ya kutosha. Tutajua baada ya mwaka, pengine miwili. Anaweza kuchechemea. Mguu unaweza kubaki mfupi."

Binti akatazama ile picha muda mrefu. "Daktari, mlichelewa wapi?"

Miwani alikuwa ameshika faili. Ndani yake, kwa mwandiko wake, yote yalikuwa yameandikwa. Hakulifungua. Alimtazama Sista Saa, akangoja.

"Mimi," Sista Saa akasema. "Nilichelewa mimi. Nilimpa dawa iliyobaki kwenye friji, homa ikajificha. Daktari akaniuliza, nikakataa. Angemtoboa Alhamisi. Nilikataa kwa sababu ya aibu."

"Wewe?" Binti alisema kwa sauti ndogo. "Wewe, Mama? Unayewafokea watu?"

Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe hiyo saa. Dawa nitampa mimi."

Sista Saa alihangaika na pini. Akaitoa, akaiweka kwenye kiganja cha binti yake, saa ya baba yake, na kitambaa cha sare kikabaki na matundu mawili madogo.

Binti aliomba ruhusa kiwandani, akakodi chumba karibu na hospitali, akahamia na mwanawe. Wiki zote zilizobaki alitoa vidonge kwa saa ile, saa kumi na mbili, saa nane, saa nne, bila kukosa hata kimoja. Kasuku wiki ya tano alikuwa anapanda vitanda. Jirani mmoja alisema jamani, mtoto mzima mnamlisha sumu ya nini. Binti alimtazama hivi, na jirani akakumbuka ana sufuria jikoni. Siku ya arobaini na mbili akatoa cha mwisho. Na Sista Saa, siku zote zile, aliruhusiwa kumtembelea mjukuu wake, alikaribishwa kiti na maji, akajibiwa alichouliza na hakuambiwa zaidi.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji Kasuku aliletwa kliniki. Sista Saa alikuwa mezani. Kabla hajainua macho alisikia hatua kwenye korido: moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi. Kalamu ikasimama.

Mbele yake palikuwa na mama mwenye mtoto wa miaka miwili, homa na kiwiko kilichovimba, hataki kuguswa. Swali lilikuwa limekwisha kuulizwa, na jibu lilikuwa lile lile: "Sijampa kitu, sista."

Karatasi nyekundu ukutani haikuwapo tena. Alikuwa ameibandua mwenyewe.

"Dada yangu," Sista Saa akasema. Hakuwahi kumwita mtu hivyo pale mezani. "Unamwona yule mtoto anayekuja, anayechechemea? Ni mjukuu wangu. Nilimpa kijiko cha dawa nyumbani, nikaulizwa hapa hapa, nikasema sijampa. Sitakufokea. Niambie tu."

Mama yule akamtazama Kasuku, ambaye alikuwa ameshafika na mdomo wake. "Mguu huu ulikuwa na usaha," Kasuku akamfahamisha, akiunyoosha. "Walinifungua mara mbili. Bibi alilia sana."

Yule mama akashusha macho. Akafungua mkoba, akatoa chupa, na rangi yake ilikuwa ya waridi.

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Na leo, mara ya mwisho saa ngapi?"

"Sasa hivi, sista, tulipokuwa kwenye foleni."

Sista Saa akaandika jina la dawa, akaandika siku. Kisha kwa mazoea mkono wake ukapanda kifuani kutafuta saa, ukakuta kitambaa kitupu. Ukabaki pale.

Binti yake alikuwa amesimama nyuma ya Kasuku. Akaangalia saa ya baba yake mkononi mwake.

"Saa nne na dakika kumi, Mama," akasema.

Sista Saa akaandika.